Wimbo mufupi wa kuimbia mugonjwa pembeni ya kitanda

Siku ile kartiye muzima ililia mutu mwenye alikuwa angali muzima. Ilikuwa siku ya posho, saa kumi na mbili ya mangaribi, giza inaanza kuingia. Kikundi chetu cha kusaidiana tulikuwa tumeenda kutembelea memba wetu mumoja, kapita wa zamani, mwenye alifanya miaka mingi kazi ya chini ya udongo kisha kifua kikamushinda. Tulikuwa watu kumi na saba. Tulisimama kuzunguka kitanda, tukaimba wimbo mukubwa wa korali kwa sauti nne, na bapapa wa besi walitia nguvu yote. Tulikuwa hatuyafika kwenye ubeti wa pili, tukasikia mwanamuke anapiga kelele ku barabara. Mwengine akaingia mu lupango na mikono ku kichwa. Kisha wakawa wengi. Watu walisikia wimbo wa kanisa mu giza, ndani ya nyumba ya mugonjwa, wakajua: Kapita amekufa.

Yeye mwenyewe alikuwa analala pale, macho wazi, anasikia namna banamulilia.

Bibi yake alitoka inje kutuliza watu. Sisi tulibakia mu chumba tunaangalia chini. Kapita alikohoa kwa muda murefu, kisha akasema neno moja tu: «Munaimbaka muzuri. Lakini muko naniogopesha.»

Mimi njo mwenye naongoza nyimbo mu kikundi. Ile neno ilinifuata mpaka ku nyumba. Juma yenye kufuata tuliketi watu tano, tukaanza kutafuta wimbo mwengine: mufupi, wa sauti ya chini, wenye unaweza kuimbwa mu chumba cha metre tatu kwa tatu bila kushtua mutu. Tulikosa mara mingi mbele ya kuupata. Ninaandika hapa namna tulifanya, juu najua mu kambi na mu kartiye za wachimbaji kuko vikundi vingi vyenye vinatembeleaka wagonjwa wao, na vingi vinaimbaka kama vile sisi tulikuwa tunaimba.

Katanga yetu inajua kuimba kwa nguvu. Ile Missa Luba yenye Padri Guido Haazen na korali yake ya Kamina walijulisha dunia mu 1958, ni ngoma na sauti kubwa zenye kujibizana. Korali zetu za leo nazo zinapenda vile, na haina mubaya mu kanisa yenye iko na paa ya juu. Lakini mu chumba kidogo, watu kumi wa sauti nne wanajaza hewa yote. Mutu mwenye anapigania pumzi hana nafasi ya kupumua ndani ya ile kelele. Njo sababu kitu cha kwanza tulipunguza haikuwa wimbo, ilikuwa watu. Sasa tunaingia wane, wakizidi sana sita. Wengine wanabakia mu lupango chini ya muembe, wanaongea na watoto ao wanasaidia kuteka maji. Na mu chumba tunaikala. Hatusimame tena. Mama mumoja mwenye miaka mingi njo alituonyesha ile: watu wenye kusimama kuzunguka kitanda na kuimba, mugonjwa akiwaangalia kutoka chini, anaona kilio yake mwenyewe.

Kisha tulikuja ku maneno, na pale tulipiganana.

Mutu wa kwanza alileta neno «pumzika». Ni neno ya upole, inaimbika muzuri. Lakini wapi tunaiona imeandikwa? Ku musalaba wa makaburi, ku tisheti za kilio. Tukaitosha. «Lala» nayo tukaitosha, juu mu lugha yetu mutu akisema «amelala», musikilizaji anauliza mbele ni kulala gani. «Safari» tuliitosha, «mbingu» tuliitosha, hata «kwetu», maana mu nyimbo nyingi kwetu si mu kartiye, ni kule juu. Ukichukua karatasi na kuandika maneno yote yenye tunaimbaka ku kilio, utashangaa kuona maneno mazuri ngapi yameisha kukamatwa.

Upande mwengine kulikuwa maneno ya ahadi. Kijana mumoja, anafanya kazi ku karyere, posti ya usiku, alitaka tuseme «utapona, utasimama, utarudia ku kazi». Mimi pia mwanzoni nilipenda. Lakini mutu mwenye vumbi ya mawe imekaa mu mapafu yake, ile yenye banganga wanaita silikozi, anajua. Banganga wameisha kumwambia kama vumbi ile haitoke: mapafu inafanya makovu, na makovu inabakia hata kama ameacha kazi miaka kumi. Dawa inaweza kusaidia kikohozi na kupunguza shida, lakini hairudishe mapafu ya zamani. Ukimwimbia kama atasimama kesho, anakuona kama mutu mwenye hamusikilize. Na akiamka kesho bila kusimama, inakuwa sawa yeye njo amekosa.

Kuhusu jina la Mungu, tulibishana saa nzima. Mu kikundi chetu kuko Wakatolika, Wametodisti, Wakimbangu, na watu wawili wa musikiti. Mwishoni tulipatana hivi: wimbo unabeba maneno yenye kila mutu anaweza kuimba, na kisha wimbo, yule mwenye iko na desturi ya kuomba, anaomba vile nyumba ya mugonjwa inaombaka. Kuko memba mumoja angali anasema tulikosa. Namuheshimu, lakini naona kazi ya wimbo huu haina kuhubiri. Kazi yake ni kumwambia mutu kama tumefika na kama hatukimbii.

Basi tulibakia na maneno haya, mistari mine tu:

Tuko hapa, tumefika,
tunakaa nawe, Papa.
Hata kama hausemi,
siye tunakusikia.

Ukihesabu, kila mustari iko na silabi nane. Hatukufanya vile kwa kupamba. Silabi nane mutu wa kawaida anaziimba na pumzi moja, kwa sauti ya chini, bila kuchoka. Tulijaribu kumi na mbili, tukaona ku mwisho wa mustari kila mutu anasukuma sauti juu amekosa hewa, na sauti yenye kusukumwa inakuwa kali.

Kuko kitu kingine mu zile silabi, na wenye kutunga nyimbo wanaisahauka. Kiswahili kinakaza sauti ku silabi ya pili kutoka mwisho: tuko, ha-pa, tume-fi-ka. Muziki pia iko na pahali pa kukaza. Vikikutana, neno linasikilika hata mutu akiimba sawa ananong'ona. Visipokutana, musikilizaji anapoteza neno, na ili asikie unalazimishwa kuimba nguvu. Mu mustari wetu wa kwanza unakaza TU, HA, FI, yaani silabi ya kwanza, ya tatu na ya saba. Mu mustari wa tatu ni HA, KA, SE: ile ya kwanza, ya tatu na ya saba tena. Mara ya kwanza tulikuwa tumeandika «tuko pembeni ya weye». Silabi zake pia ni nane, lakini inakaza MBE na WE, ile ya ine na ya saba, na kila mara tuliiimba neno «pembeni» ilikuwa inavunjika kati. Jaribuni kuitamka na kupiga mukono ku meza, mutasikia.

«Hata kama hausemi» ilitoka kwa bibi ya Kapita. Tulimuuliza ni nini inamusumbua sana mume wake. Tulifikiri atasema maumivu. Akasema: «Ni wageni. Banamuuliza maulizo, anataka kujibu, pumzi inakosa. Kisha anasikia haya.» Mutu mwenye alikuwa anapigia kikosi kizima sauti mu shimo, leo hawezi kumaliza jibu ya «ulilalaka namna gani?» Ule mustari unamupa ruhusa ya kunyamaza.

Sasa sauti yenyewe. Ninaitia mu solfeji, vile korali zetu zinajua:

Tu-ko ha-pa tu-me-fi-ka: do do mi re do re mi mi.
Tu-na-ka-a na-we Pa-pa: fa fa sol fa mi re mi re.
Ha-ta ka-ma ha-u-se-mi: sol sol la sol fa mi fa fa.
Si-ye tu-na-ku-si-ki-a: mi mi re mi re re do do.

Musitafute mambo makubwa ndani yake. Noti ni sita tu, kutoka do mpaka la. La inapita mara moja tu, pa «kama». Noti karibu zote ziko zinatembea moja pembeni ya ingine, sawa mutu anashuka ngazi, na mahali pa kuruka pa kweli ni pamoja: kutoka mwisho wa mustari wa pili kwenda ku mwanzo wa mustari wa tatu. Pale watu wameisha kukamata pumzi, haisumbue. Sababu ya kufanya vile ni ngumu kidogo kuamini mpaka umeisha kujaribu: kuimba polepole ni kazi kubwa kuliko kuimba nguvu. Mutu asiye na mazoezi, ukimupandisha ku noti ya juu na kumwambia apunguze sauti, koo inafunga, noti inaanguka ao inavunjika. Ku noti za kati, hata mama mwenye hajaimba siku yoyote mu korali anaweza kuimba laini.

Do ya kuanzia iwe wapi? Hatubebe kinanda kwa mugonjwa. Tunafanya hivi: mbele ya kuingia, tukiwa ku mulango, kila mutu anasema «mmm», ile yenye tunasema wakati tunakubali neno ya mukubwa. Ile «mmm» iko chini ya sauti ya mutu, pahali pa kupumuzika. Mimi nakamata yangu, napandisha kidogo, nawapa. Wabibi wanaimba yao, wanaume wanaikamata chini yake, sauti ile ile. Kama mutu mumoja anashindwa kugusa do, inakuwa hewa tu, nimeanza chini sana, napandisha tena. Kama pa «kama» mishipa ya shingo inatoka, nimeanza juu. Sauti nne tuliziacha. Mama mumoja anaweza kutia sauti ya pili ku mustari wa mwisho, noti mbili juu, kama iko anajua kweli. Wengine wote sauti moja.

Mwendo ni ule wa mushale wa saa, ule unahesabu sekonde. Kwa kila sekonde silabi mbili, isipokuwa mbili za mwisho: ya kwanza tunaipa sekonde moja, ya mwisho mbili. Kisha tunanyamaza sekonde mbili kamili. Mustari mumoja unakuwa sekonde nane, wimbo muzima karibu nusu ya dakika. Ile kunyamaza musiiibe. Watu wanaiibaka, juu kunyamaza mu chumba cha mugonjwa kunaogopesha wageni. Lakini pale njo mugonjwa anapata nafasi ya kukohoa bila kufikiri ameharibu. Na pale njo unasikia pumzi yake. Tuliweka sheria moja tu ya sauti: kama uko naimba na hausikie tena mugonjwa anapumua, punguza.

Tunauimba mara tatu. Mara ya kwanza mutu mumoja peke yake mistari miwili ya kwanza, wengine wanaingia ku «hata kama». Mara ya pili wote. Mara ya tatu mudomo umefungwa, «mmm» tu, mistari miwili, na tunaacha pale. Yote pamoja ni dakika moja na nusu hivi. Mugonjwa mwenye anataka kuimba na sisi, tunamwambia akamate mwisho tu: «-fika», «Papa», «-kusikia». Hatumulazimishe hata kidogo.

Siku tuliipeleka kwa Kapita, tulienda saa kumi, jua ikiwa ingali juu. Mbele tulituma mutoto apite mu malango ine za jirani: «Bagonjwa beko bazima, ni wimbo tu wa kusalimia.» Hii ya kutuma mutoto musiisahau, ni ndogo lakini ingetuepusha na ile haya ya kwanza. Kuko pia jirani mwenye anafanya posti ya usiku na mchana analala. Naye anapashwa kujua.

Jambo lingine tuliuliza mbele, na tunauliza sasa ku kila nyumba: kikohozi hiki, wamepima makohozi? Vumbi ya mawe inafungulia kifua kikuu mulango. Wachimbaji wenye silikozi wanaikamataka kuliko watu wengine. Na kifua kikuu kinasafiri mu hewa. Mutu akikohoa kinatoka, akiongea kinatoka, akiimba kinatoka pia. Kwa Kapita walikuwa wamepima, hakukuwa kifua kikuu. Lakini kwa memba mwengine, mwenye dawa ilikuwa imeanza juma moja tu, hatukuingia. Tulifungua dirisha, tukaikala inje chini ya ukuta, watu watatu, tukaimba kutoka pale. Yeye hatukumuomba aimbe. Munganga wake njo atasema siku gani hatari imepunguka. Si juu yetu kukisia. Na kwa nyumba yoyote, hata bila kifua kikuu, tunaacha mulango na dirisha wazi. Chumba chenye kufungwa na watu sita ndani, mugonjwa wa mapafu anakosa hewa mbele ya wimbo kuisha.

Basi tuliingia wane. Kapita alikuwa ameinuliwa ku mito mitatu, juu akilala chini pumzi inakata. Tukamusalimia, hatukumuuliza kitu. Mama mumoja akaanza: «Tuko hapa, tumefika.» Mara ya kwanza alituangalia tu. Mara ya pili, niliona vidole vyake viwili vinapiga godoro, taratibu, na vilikuwa vinafika pa TU, pa HA, pa FI. Tulipofika «hata kama hausemi», bibi yake akacheka kwa pua, akafunika mudomo. Miaka yote ya ndoa, akasema kisha, hajaona siku moja yenye mume wake hasemi.

Tulipomaliza «mmm», Kapita akainua kidole. Akangojea pumzi. «Papa ni kila mutu. Miye ni Kapita.»

Alikuwa na haki, lakini iliniletea kazi. Papa, Mama, Yaya, yote ni silabi mbili, inaingia bila shida. Kapita ni tatu. «Tunakaa nawe, Kapita» inakuwa tisa, na mutu anaanza kukimbia ili aipate. Nilisimama pale mbele ya kitanda nahesabu na vidole. Kijana wa posti ya usiku, ule ule mwenye alitaka tuimbe «utasimama», njo aliona: toa «-we», bakisha «na». «Tunakaa na Kapita.» Nane. Na PI inaanguka sawa ku silabi ya saba. Tangu siku ile kila jina ya silabi tatu tunaitia vile: na Ilunga, na Kasongo, na Mujinga. Kwa jina ya silabi ine tunatosha hata «na»: «tunakaa, Mukalayi».

Haikuwa kila mara muzuri. Siku moja mama mwenye kuongoza alianza juu sana, tukaikata kati. Siku ingine Kapita alikuwa na maumivu, akageuza uso ku ukuta tulipoanza. Tulimaliza mustari wenye tulikuwa ndani, tukaacha. Hatukuuliza kama amekasirika. Tuliikala kidogo, tukaenda. Wimbo wa sekonde nane kwa mustari iko na faida ile: unaweza kuukata popote bila kufanya sawa umeharibika. Na kuko wagonjwa wenye hawataki kuimbiwa kabisa. Kwa hao tunapeleka unga, tunarudi.

Kapita alikufa mu wakati wa baridi, kisha miezi kadhaa. Ku kilio, muzaliwa mumoja alikuja kwangu, akaniomba tuimbe ule wimbo wake, ule wa «tunakaa na Kapita». Watu wengi walikuwa wanaujua sasa, hata watoto wa jirani. Nilikataa. Nilimwambia kwa heshima kama wimbo ule ni wa mutu mwenye anasikia. Tukiuimba mara moja tu mbele ya sanduku, kesho mugonjwa mwengine akituona tunaikala pembeni ya kitanda chake na kuanza «tuko hapa», atafikiri ya sanduku. Hakufurahi. Mu kikundi pia kuko wenye walisema nilikuwa mugumu siku mbaya. Tuliimba nyimbo zingine, zile kubwa, bapapa wa besi walitia nguvu yote, na pale zilikuwa pahali pake. Kwa bibi ya Kapita sikuwa na ujasiri wa kwenda kujieleza. Nilifikiri naye amenikasirikia.

Juma tatu kisha, mutoto wake alikuja kugonga kwangu asubuhi. Tansyon ya mama ilikuwa imepanda, banganga walimwambia alale. Mutoto alikuwa ameshika neno vile alipewa, akalitoa bila kupumua: «Mama anasema mukuye saa kumi. Mulete ile ya Papa, lakini mutie jina yake.»